Sabini kwa arobaini: presha inapoporomoka kwa kuvuja damu, na inapoporomoka kwa maambukizi

Ukienda kwenye msiba wa mama aliyefia uzazini, au wa mzee aliyelazwa siku mbili tu, na ukauliza kilichotokea, jibu huwa fupi: "Presha ilishuka ghafla." Wewe unatikisa kichwa, mazungumzo yanahamia kwenye ratiba ya mazishi. Kidogo kidogo presha ya kushuka imegeuka ugonjwa unaojitegemea, wenye tiba zake za mtaani: maji ya chumvi, soda, kahawa ya rangi, na ile "sindano ya kupandisha presha" ambayo ndugu huilalamikia kwamba haikuchomwa mapema. Kwenye chumba cha dharura mambo hayachukuliwi hivyo. Presha iliyoporomoka ni dalili ya jambo lingine, na kwa anayevuja damu ni dalili inayochelewa kufika.

Tuanze na namba zenyewe. Presha hupimwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya chini ni msukumo uliobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Mtu mzima wa kawaida husoma karibu na 120 kwa 80. Wapo wasichana wembamba na wakimbiaji wanaosoma 90 kwa 60 maisha yao yote, wanakula, wanafanya kazi, wanakojoa vizuri, na hawana tatizo lolote. Wapo pia wanaopata kizunguzungu wakisimama ghafla, wakikaa kinapita. Hao sio tunaowazungumzia hapa.

Tunaozungumzia ni waliofika kwenye shoku, yaani hali ambayo damu inayofika kwenye ubongo, figo, moyo na utumbo haitoshi kupeleka oksijeni inayohitajika. Tazama kwamba katika maana hiyo hakuna neno presha. Mtu anaweza kuwa ndani ya shoku na mashine ikasoma 110. Kinachoua ni viungo kukosa damu, na presha ni kipimo kimoja tu kinachotusaidia kukisia kama damu inafika.

Chukua nyumba yenye tangi, pampu na mabomba. Maji yanatoka kwa nguvu bombani ikiwa tangi lina maji, pampu inafanya kazi, na mabomba yaliyo wazi si mengi mno. Tangi likianza kuvuja, mwenye nyumba anafunga mabomba ya uani na ya bafuni ili la jikoni lisikauke. Hiyo ndiyo shoku ya kuvuja damu. Ila kuna siku tangi halijapungua sana, lakini kila bomba la nyumba limefunguliwa kwa wakati mmoja na viungio vinatiririka. Maji yapo, nguvu hakuna. Hiyo ndiyo shoku ya maambukizi. Ukisimama jikoni na kutazama bomba moja linalochuruzika, huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa tuwaweke wagonjwa wawili wa mfano kwenye chumba kimoja, kila mmoja akiwa amefika mahali pabaya kwa njia yake.

Wa kwanza ni mama wa kilo 60 aliyejifungua saa nne asubuhi. Mjamzito hubeba damu nyingi kuliko kawaida, inakaribia mililita 100 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu alikuwa na kama lita sita. Nusu saa baadaye presha yake ni 118 kwa 74 na mapigo ya moyo 92 kwa dakika. Hakuna wa kushtuka. Robo saa ikipita, mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo uliowekwa chini yake unaonyesha mililita 700. Presha inasoma 112 kwa 84, mapigo 116.

Shangazi yake amesimama pembeni, anaitazama mashine. "Sista, mbona presha yake nzuri tu?"

"Presha bado, shangazi. Mapigo ndiyo siyapendi," muuguzi anajibu, huku mkono wake ukiukanda mfuko wa uzazi.

Muuguzi ameona vitu viwili. Kwanza, namba ya chini imepanda kutoka 74 hadi 84 wakati ya juu imeshuka kidogo, kwa hiyo mwanya kati yake umepungua kutoka 44 hadi 28. Hiyo ni mishipa midogo inayojibana: ngozi inafungiwa damu, utumbo unafungiwa, figo zinapunguziwa, ili moyo na ubongo viendelee kupata. Ndiyo maana vidole vya mama ni vya baridi na anaomba maji ya kunywa. Pili, ukigawanya mapigo kwa namba ya juu unapata 116 kwa 112, yaani 1.04. Kwa mama aliyetoka kujifungua, jibu likifika 0.9 na kuendelea ni onyo, hata kama kila namba ikisomwa peke yake inaonekana ya kuvumilika. Hesabu hiyo haihitaji maabara wala mtaalamu, ni saa ya ukutani na mashine ya presha.

Asipotibiwa, damu ikifika lita moja na nusu presha inaweza kusoma 98 kwa 74 na mapigo 134. Ikipita lita mbili, theluthi nzima ya damu yake, kujibana kwa mishipa kunashindwa. Hapo inaporomoka: 70 kwa 40, mapigo 146, mama anaongea vitu visivyoeleweka. Kwa ndugu aliyekuwa akiitazama mashine tu, "presha imeshuka ghafla." Kwa muuguzi hakuna cha ghafla, mwili umekuwa ukilipa deni kwa saa nzima na sasa akiba imekwisha.

Hapa ndipo watu wengi huchanganywa na kipimo cha wingi wa damu. Dakika chache baada ya kuvuja sana, kipimo kinaweza kurudi 11, na ndugu wakaambiana "damu anayo". Kipimo hicho hakihesabu lita zilizobaki mwilini. Kinapima jinsi damu ilivyo nzito ya chembe nyekundu, na damu iliyobaki ni ileile, haijazimuliwa bado. Kitashuka baadaye, maji ya mwilini yakishaingia kwenye mishipa au dripu ikishapita. Kumnyima mtu damu kwa sababu ya ile 11 ya mwanzo ni kosa linalofanywa hata na watu waliosoma.

Matibabu yake yanafuata chanzo: funga tundu, kisha jaza tangi. Mfuko wa uzazi unakandwa, anapewa oksitosini ya kuukaza, anachomwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 taratibu kwenye mshipa, anawekewa dripu, anachunguzwa kama amechanika au kondo la nyuma limebaki. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80, ukatolewa mwaka 2023, ulijaribu kufanya mambo hayo yote kwa pamoja, mara tu ule mfuko wenye mistari unapoonyesha hatari, badala ya moja baada ya lingine huku wakisubiri kuona. Wanawake waliofikia kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 pale walipohudumiwa kwa mazoea ya kawaida. Sehemu kubwa ya dawa hizo zinajulikana siku zote. Kilichobadilika ni kutokadiria damu kwa macho na kutosubiri presha iporomoke.

Na dripu je? Maji ya chumvi ya hospitali yanasaidia kusukuma muda, lakini hayabebi oksijeni na hayagandishi damu. Ukimpa lita nne za maji mama anayevuja, presha itapanda kidogo na mashine itakufurahisha, huku damu yake imekuwa nyepesi, mwili umepoa, na vile vinavyogandisha damu vimezimuliwa, hivyo inavuja zaidi. Anachohitaji ni damu, na mapema. Kwa majeruhi wa bodaboda aliyepasuka bandama, madaktari huenda mbali zaidi: wanaridhika na namba ya juu ya 80 hadi 90 mpaka daktari wa upasuaji afunge panapovuja, kwa sababu kuisukuma hadi 120 ni kung'oa mabonge yaliyoanza kuziba. Ruhusa hiyo haimhusu aliyeumia kichwa, maana ubongo uliojeruhiwa hauvumilii presha ndogo hata kwa muda mfupi.

Ile sindano ya kupandisha presha inayodaiwa hufanya kazi moja kubwa, kuibana mishipa. Mishipa ya mama huyu imeshajibana mpaka mwisho. Kuongeza kubana ni kumnyang'anya figo na utumbo kile kidogo kilichobaki ili kioo cha mashine kisomeke vizuri. Kwake haiwi tiba ya kuanzia. Ikitumika, ni ya dakika chache za kuokoa muda wakati damu inafuatwa.

Mgonjwa wa pili ni mzee wa kisukari mwenye kidonda cha mguu kilichovimba na kutoa harufu kwa wiki nzima. Anafika presha ikiwa 78 kwa 36, mapigo 124, anahema mara 30 kwa dakika. Mtoto wake anamshika mkono na kusema, kwa matumaini, kwamba una joto.

Joto hilo linadanganya. Sumu za vijidudu, pamoja na fujo ya kinga ya mwili wenyewe, zimelegeza mishipa yake yote. Damu inakimbia kwenye ngozi, mikono inachemka, lakini ndani haifiki inakotakiwa kwa msukumo unaotakiwa. Tena kuta za mishipa midogo zimekuwa kama chujio, maji ya damu yanapenya na kuingia kwenye nyama na mapafu. Angalia namba ya chini: 36. Kwa mama ilianza kupanda kabla ya kuanguka. Kwa mzee imezama tangu mwanzo, kwa sababu hakuna mshipa unaokaza kuishikilia. Wagonjwa hawa wakichelewa zaidi mikono nayo hupoa, na wakati huo hata daktari hupata shida kumtofautisha na anayevuja damu kwa ndani.

Kwa maambukizi, wahudumu hutazama zaidi wastani wa presha kuliko namba ya juu peke yake. Hesabu yake ni namba ya juu ujumlishe mara mbili ya namba ya chini, kisha ugawanye kwa tatu. Kwa mzee: 78 na 72 ni 150, gawanya kwa tatu ni 50. Lengo la kawaida ni angalau 65. Chini ya hapo figo huanza kugoma, na mtu wa kilo 60 ambaye alipaswa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa anatoa matone.

Chanzo hapa ni usaha na vijidudu, hivyo antibaiotiki inaingia mshipani ndani ya saa ya kwanza, baada ya kuchukua damu ya kuotesha maabara ikiwezekana bila kuchelewesha dawa. Mguu unafunguliwa, usaha unatolewa. Asiyetoa usaha akabaki anahangaikia presha anapoteza usiku mzima. Maji ya dripu anapewa, na kwa huyu ile dawa ya kubana mishipa, noradrenalini, ni ya haki kabisa, kwa sababu tatizo lake ni mishipa iliyolegea. Dawa ileile ambayo kwa mama ingekuwa kuficha tatizo, kwa mzee inaligusa tatizo lenyewe.

Kwenye maji kuna jambo ambalo Afrika imewafundisha wengine. Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa kumimina dripu haraka kwa kila mwenye maambukizi makali. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri kwenye viungo. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: takriban 10.5 kati ya 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale waliopewa maji ya kawaida ya kuwatunza tu. Watoto wenye kuharisha hawakuwemo, na hilo ni muhimu, maana mtoto aliyekauka kwa kuharisha anahitaji maji. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya Lusaka, kwa watu wazima wenye maambukizi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi. Waliofuatiwa kwa utaratibu wa kumimina maji mengi mapema na kuongeza dawa za presha walikufa asilimia 48, waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33. Chujio likiwa limetoboka, maji unayomimina yanaishia mapafuni, na penye mashine chache za kupumulia hapana pa kumpeleka anayezama.

Hiyo haina maana kwamba dripu ni sumu. Maana yake ni kwamba inapimwa. Wanatoa kiasi, wanasimama, wanasikiliza mapafu, wanabonyeza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi. Ikizidi sekunde tatu, damu bado haifiki vizuri. Kipimo hicho cha bure kiliwekwa kwenye mizani na kipimo cha maabara cha asidi ya lakteti, ambayo hupanda viungo vikikosa oksijeni, katika utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika nchi za Amerika ya Kusini, na wagonjwa waliofuatiliwa kwa kidole hawakufanya vibaya kuliko waliofuatiliwa kwa maabara. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinamlazimisha mhudumu kumgusa mgonjwa, badala ya kuiamini mashine iliyo ukutani.

Maana mashine nayo ina mipaka yake. Mkanda wa kujipuliza wenyewe hutafuta mtikisiko wa mshipa, na presha ikiwa chini sana mtikisiko huwa hafifu. Utauona unajaa, unapwaya, unajaa tena, kisha unaandika kosa au unatoa namba isiyolingana na mgonjwa. Ndugu husema mashine mbovu. Wakati mwingine ni mbovu kweli. Lakini mgonjwa akiwa amepauka na anatoa jasho la baridi, mashine inayoshindwa kusoma ni taarifa ya hatari, na mtu anapaswa kushika mshipa wa kifundo cha mkono na wa shingo kwa vidole mara moja. Wa mkononi ukiwa haushikiki na wa shingoni unapiga, hali ni mbaya, iwe namba imepatikana au haikupatikana.

Namba pia husomwa kwa kumjua mwenye nayo. Mzee aliyezoea 165 akifika na 110 ameshuka sana, ingawa 110 kwa kijana ni nzuri. Anayemeza dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololi, anaweza kupoteza damu nyingi mapigo yasipande, na ile hesabu ya kugawanya ikatulia kwa uongo. Watoto ndio hatari zaidi: mishipa yao hubana kwa nguvu kiasi kwamba presha hubaki ya kawaida mpaka karibu na mwisho. Kwa mtoto, ulegevu, kuhema haraka, miguu ya baridi na kukosa mkojo havisubiri mashine.

Kuhusu maji ya chumvi na soda mdomoni, sababu ya kukataza ni rahisi. Aliyefika kwenye shoku utumbo wake umeshanyimwa damu, hivyo anachokunywa hakisharabiwi inavyotakiwa. Akichanganyikiwa kitaingia mapafuni, na akihitaji upasuaji tumbo lililojaa linamhatarisha kwenye usingizi wa dawa. Mlaze chali, mfunike asipoe, bonyeza kwa nguvu panapovuja kama ni nje, na mpeleke. Anayehema kwa shida usimlazimishe kulala, mwache kwenye mkao anaopumua.

Ukifika naye mapokezini, kuna maelezo machache yanayobadilisha matibabu na ambayo hayamo kwenye mashine yoyote. Taja saa damu ilipoanza kutoka, kwa sababu asidi ya traneksamiki imeonyesha kuokoa ikitolewa ndani ya saa tatu, na baada ya hapo faida yake haionekani tena. Taja presha yake ya siku zote na dawa anazomeza, ukibeba vidonge vyenyewe kama majina hayakumbukiki. Taja mara ya mwisho alipokojoa. Na kama ana kidonda, jipu, homa ya siku kadhaa au alijifungua ndani ya wiki sita, liseme hilo kwanza, kabla hawajaufunga mkanda wa presha mkononi.